Mtoto akilazwa: mambo ya kupanga kabla usiku haujaingia

Beba beseni, sahani na kijiko, kikwembe cha ziada, tochi na mablangeti mawili, kwa sababu baridi ya usiku wa Bukavu haina huruma. Chakula kitatoka nyumbani, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anapika na nani anapandisha mlima nacho. Uliza bei ya kila kitu na utunze risiti zote, hata ya sindano moja.

Sasa nisikilize vizuri: panga zamu za kulala. Mimi sikupanga.

Mtoto wangu alikuwa na miaka minne na kilo 14 alipolazwa kwa malaria kali. Walimchoma artesunate saa mbili usiku, wakarudia baada ya saa 12, kisha tena saa 24 baada ya sindano ya kwanza. Baba yake alikuwa anatafuta pesa, mimi nikabaki peke yangu. Usiku wa pili macho yalikuwa yananichoma. Tangu jioni alikuwa akilia tu, halafu saa tisa usiku akanyamaza. Nikasema asante Mungu, hatimaye amelala. Serumu ya sukari ilikuwa imeisha zamani, na sikuwa nimeona.

Bibi wa kitanda cha jirani ndiye aliyeniuliza, "Mama, huyu mtoto analala ama amezimia?"

Nikamgusa. Mikono baridi, paji la uso limelowa jasho. Nikamwita jina, kimya. Nikamminya ukucha, hakuvuta mkono. Muganga akamtoboa kidole: sukari ya damu ilikuwa 31 mg/dl, na chini ya 40 tayari ni hatari. Malaria kali inamaliza sukari mwilini, hasa kwa mtoto mdogo asiyekula. Wakampa glukozi ya 10% kwenye mshipa polepole, mililita 5 kwa kila kilo, yaani 70. Baada ya muda akafungua macho, akaomba maji.

Basi zamu yako ikifika, kila saa mbili mwamshe kidogo. Asiyejua kusema, tazama kama analia au anakufuata kwa macho. Asipoitika, mlaze ubavu na ukimbie kumwita muganga, hata kama jana alikugombeza kwa kumsumbua. Usimmiminie chai mdomoni, itaingia kwenye mapafu. Muulize muganga mapema ni wapi pa kumpata saa tisa usiku, na kama atachelewa, uweke sukari kidogo iliyoloweshwa chini ya ulimi. Serumu ikikaribia kuisha, sema kabla haijaisha.

Mkiruhusiwa kwenda nyumbani, vidonge vya malaria vya siku tatu mmalize hata kama anacheza mpira. Kama alichomwa artesunate, kwa wiki nne angalia mkojo: ukiwa mweusi kama kokakola, au macho yakigeuka manjano, rudini siku hiyohiyo. Na chaji ya simu, jamani, usisahau chaji.