Kutoka gramu hadi atomu: kuhesabu oksijeni iliyomo katika fuwele za mrututu

Katika daftari nyingi za hesabu za moli ambazo nimezisahihisha, kosa hujirudia mahali pamoja. Mwanafunzi hubadilisha gramu kuwa moli bila shida, hubadilisha moli kuwa idadi ya chembe bila shida, kisha anapoulizwa ni atomu ngapi za elementi moja zimo katika sampuli hiyohiyo, ama hasahau kwamba kuna hatua moja zaidi lakini huzidisha kwa namba isiyo yake, ama huiacha hatua hiyo kabisa. Kwa sababu hiyo somo hili litatumia kampaundi moja tu, mrututu, yaani yale mawe ya bluu ambayo wakulima huyachanganya na chokaa ili kunyunyizia mimea yenye ukungu. Fomula yake ni CuSO₄·5H₂O, na oksijeni imekaa ndani yake sehemu mbili tofauti, jambo linaloifanya iwe kipimo kizuri cha kujua kama mtu ameielewa hesabu au ameikariri.

Swali letu ni hili: tuna gramu 4.99 za fuwele za mrututu. Je, hizo ni moli ngapi, zina chembe ngapi za kampaundi, na zina atomu ngapi za oksijeni?

Hatua ya kwanza: isome fomula kabla ya kugusa kikokotoo

Andika kila elementi na idadi ya atomu zake katika fomula moja. Shaba (Cu) ni 1, salfa (S) ni 1. Oksijeni zipo 4 katika sehemu ya salfeti, na katika sehemu ya maji kila molekuli ina 1, nazo molekuli za maji ni 5, kwa hiyo jumla ya oksijeni ni 4 + 5 = 9. Haidrojeni ni 5 × 2 = 10. Ile nukta iliyo katikati ya fomula si alama ya kuzidisha. Inaeleza kwamba molekuli tano za maji zimefungwa ndani ya fuwele pamoja na kila CuSO₄ moja, na uzito wake umo katika uzito tunaoupima.

Sasa tafuta masi ya moli moja, ukitumia Cu = 63.5, S = 32, O = 16 na H = 1:

63.5 + 32 + (9 × 16) + (10 × 1) = 249.5

Moli moja ya mrututu ina gramu 249.5. Ninasisitiza kuandika orodha ya atomu kwanza kwa sababu namba 9 tuliyoipata hapa tutaihitaji tena mwishoni, na aliyeiandika mapema hataibuni upya akiwa na haraka.

Hatua ya pili: gramu kuwa moli

Gawanya masi ya sampuli kwa masi ya moli moja:

4.99 ÷ 249.5 = 0.02

Tuna moli 0.02. Jiulize papo hapo kama jibu lina mantiki: sampuli yetu ni ndogo mno kuliko gramu 249.5, kwa hiyo moli lazima ziwe pungufu sana ya moja. Aliyezidisha badala ya kugawanya angepata moli 1,245, yaani zaidi ya kilo 300 za mrututu, ilhali sampuli yenyewe inatosha kwenye kijiko.

Hatua ya tatu: moli kuwa chembe

Moli moja ya kitu chochote ina chembe 6.02 × 10²³, namba iitwayo ya Avogadro. Tangu Mei 2019 thamani yake imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili, lakini kwa mazoezi ya shule tarakimu tatu zinatosha.

0.02 × 6.02 × 10²³ = 1.204 × 10²²

Chembe hizi ni vizio vya fomula, yaani kila kimoja ni kundi zima la CuSO₄·5H₂O. Bado hatujahesabu atomu hata moja, na hapa ndipo wengi huweka kalamu chini.

Hatua ya nne: chembe za kampaundi kuwa atomu za elementi moja

Kila kizio kimoja cha fomula kinabeba oksijeni 9. Kwa hiyo vizio 1.204 × 10²² vinabeba:

9 × 1.204 × 10²² = 1.0836 × 10²³

Kwa tarakimu tatu, atomu za oksijeni ni 1.08 × 10²³. Kwa sampuli hiyohiyo, atomu za shaba ni 1.20 × 10²² tu, kwa sababu shaba ni moja katika kila kizio, na atomu za haidrojeni ni 1.20 × 10²³. Aliyeandika oksijeni 4 atapata 4.82 × 10²², ambayo haifiki nusu ya jibu sahihi. Aliyetumia masi ya CuSO₄ peke yake, 159.5, ataharibu mapema zaidi, kwani moli zake zitakuwa 0.0313 na kila kinachofuata kitakuwa kikubwa kupita kiasi, hata shaba.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho. Gramu zetu 4.99 zikiwekwa kwenye bakuli dogo la kauri na kupashwa moto wa wastani, fuwele za bluu huanza kupasuka taratibu, mvuke hutoka, na mwishowe hubaki unga mweupe. Ukipima unga huo utakuta karibu gramu 3.19, ambazo ni 0.02 × 159.5. Gramu 1.80 zilizopotea ni maji, na 1.80 ÷ 18 ni moli 0.1, yaani mara tano ya 0.02. Moli za shaba hazikubadilika. Oksijeni ndizo zilizopungua kutoka 9 hadi 4 kwa kila shaba. Moto usizidi: unga ukianza kuwa mweusi, ujue salfeti yenyewe inavunjika na kuacha oksaidi ya shaba, na vipimo vyako havifai tena.

Kurudi nyuma

Ukipewa atomu na kutakiwa kutoa gramu, zifuate hatua zilezile kuanzia mwisho. Tuseme tunataka mrututu wenye atomu 2.709 × 10²³ za oksijeni. Gawanya kwa 6.02 × 10²³ upate moli 0.45, na ziite kwa jina lake lote: moli 0.45 za atomu za oksijeni. Kila moli ya mrututu ina moli 9 za atomu hizo, basi 0.45 ÷ 9 ni moli 0.05 za mrututu. Zidisha kwa 249.5 upate gramu 12.475, yaani kama gramu 12.5. Anayeandika "moli 0.45" bila kusema ni za nini huishia kuzidisha 0.45 moja kwa moja kwa 249.5, akapata zaidi ya gramu 112.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini umeandika vizio vya fomula na hukuandika molekuli? Sisi darasani tuliandika molekuli za mrututu.*

Marahaba. Mrututu umejengwa kwa ioni za shaba na ioni za salfeti zilizopangika katika fuwele, hivyo hakuna molekuli moja ya CuSO₄ inayosimama peke yake. Neno molekuli linafaa kwa maji, kwa sukari au kwa yurea. Hesabu haibadiliki, lakini swali likikuuliza aina ya chembe, andika kizio cha fomula.

*Mwalimu, nilijaribu kuhesabu naitrojeni kwenye mfuko wa yurea wa kilo 50. Masi ya moli nimepata 44, na naitrojeni ikawa asilimia 32, lakini mfuko umeandikwa 46. Nimekosea wapi?*

Umeisahau 2 iliyo nje ya mabano. Fomula ni CO(NH₂)₂, na namba hiyo inazidisha kila kilichomo ndani ya mabano: naitrojeni 2 na haidrojeni 4. Masi ya moli ni 12 + 16 + 28 + 4 = 60. Kilo 50 ni gramu 50,000, ambazo ni moli 833 za yurea, na kwa kuwa kila molekuli ina naitrojeni mbili, moli za atomu za naitrojeni ni 1,667. Atomu zake ni takriban 1.00 × 10²⁷, na uzito wake ni 1,667 × 14, karibu kilo 23.3. Hiyo ni asilimia 46.7 ya yurea safi kabisa. Mbolea ya dukani huwa na unyevu kidogo na uchafu kidogo, ndiyo maana mfuko unaahidi 46. Nimefurahi kwamba ulilinganisha jibu lako na maandishi ya mfuko, kwa maana bila hivyo 44 isingejulikana kuwa kosa.

*Kikokotoo changu kinakataa. Nikigawanya 2.709 × 10²³ kwa 6.02 × 10²³ napata 4.5 × 10⁴⁵.*

Kikokotoo kimefanya ulichokiamuru. Kiligawanya kwa 6.02, kisha kikazidisha kwa 10²³. Tumia kitufe cha `EXP` au `×10ˣ` ili 6.02 × 10²³ isomwe kama namba moja, au uifunge yote ndani ya mabano. Jibu la kugawanya namba mbili zenye kipeo kimoja haliwezi kuwa na kipeo cha 45.

*Mrututu wetu wa maabara umekaa wazi muda mrefu, na fuwele nyingi zimepauka na kuwa na unga mweupe juu. Je, bado nitumie 249.5?*

Usiitumie. Sehemu ya maji imeshatoka, kwa hiyo gramu unazopima zina shaba nyingi kuliko inavyosema fomula. Pima sampuli, ipashe moto, iache ipoe mahali pakavu, ipime, kisha irudie mpaka uzito usibadilike tena. Tuseme gramu 5.00 zimebaki 3.40. Moli za CuSO₄ ni 3.40 ÷ 159.5 = 0.0213, na moli za maji yaliyotoka ni 1.60 ÷ 18 = 0.0889. Uwiano wake ni kama maji 4.2 kwa kila shaba badala ya 5. Oksijeni zilizokuwamo kabla ya kupasha moto zihesabu kwa kila sehemu peke yake: 4 × 0.0213 kutoka kwenye salfeti na 0.0889 kutoka kwenye maji, jumla moli 0.174, ambazo ni atomu 1.05 × 10²³. Ukishamaliza, chupa iliyobaki ifunge kizibo barabara, na juu yake andika uwiano ulioupata pamoja na tarehe.