Kigaga shavuni kwenye picha ya bethidei

Mpwa wangu alitimiza miaka 4 juzi hapa Kisumu, na siku chache kabla alikuwa ameanguka kwenye changarawe. Picha nzuri kuliko zote ina kigaga shavuni na krimu ya keki kwenye pembe ya mdomo. Niliisafisha kwa simu, kwenye Snapseed, programu ya kuhariri picha, kwa kifaa chake cha kufuta madoa kiitwacho Healing.

Kazi yote iko kwenye kukuza picha. Vuta kwa vidole viwili mpaka shavu lijaze skrini, ndipo kila mguso ufunike sehemu ndogo tu. Usipake kigaga chote kwa mpigo mmoja. Anza ukingoni, ukigusa kidogo kidogo kuelekea katikati, kwa sababu kifaa hiki hufunika doa kwa kuazima ngozi ya jirani. Ukianzia katikati, kinaweza kuazima weusi wa kigaga chenyewe na doa likajirudia pembeni.

Krimu ilinisumbua zaidi, maana ilikaa mpakani mwa mdomo na ngozi. Ukipitisha kidole juu ya mpaka huo, mdomo unapinda. Nilisafisha upande wa ngozi kwanza, kisha wa mdomo, na palipoharibika nikarudi nyuma kwa mshale.

Mwishoni rudisha picha kwenye ukubwa wa kawaida. Ukiona bapa laini lisilo na vinyweleo, umezidisha. Hifadhi kama nakala mpya, ile ya awali ibaki. Kidoa chake cha kuzaliwa karibu na sikio sikukigusa. Mama yake angekitafuta.