Tanuri limechelewa siku 40: jinsi ya kukokotoa faida uliyopoteza

Tuchukue mama mwenye bekari Morogoro. Alinunua tanuri, likaletwa siku 40 baada ya tarehe ya mkataba. Anadai faida ya siku zote hizo, pamoja na milioni 2 za zabuni ya shule iliyomponyoka. Tanzania tunaanzia kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Hatua ya 1: tafuta faida ya siku moja. Tanuri lingetoa mikate 200, kila mmoja sh. 1,200, yaani sh. 240,000. Ondoa gharama ambazo hakuzitumia kwa kuwa hakuoka: unga, hamira, mifuko na umeme, jumla sh. 160,000. Inabaki sh. 80,000. Kodi ya chumba na mishahara usiviondoe, maana alivilipa hata tanuri lilipokuwa halijafika. Wengi hukosea hapa kwa kudai mauzo yote, na wakili wa upande wa pili huligundua mara moja.

Hatua ya 2: pima hasara ya mbali. Muuzaji hulipia hasara inayotokea kwa kawaida, au ile ambayo pande zote mbili zilijua, wakati wa kufunga mkataba, kuwa huenda ikatokea. Kila muuzaji wa tanuri la bekari anajua kwamba bila tanuri mikate haiuzwi. Zabuni ya shule ni jambo jingine. Uingereza mwaka 1949, katika shauri la Victoria Laundry, dobi aliyecheleweshewa boila alistahili faida ya kawaida ya ufuaji, lakini si faida ya mikataba minono ya kutia rangi ambayo muuzaji hakuijua. Kwa hiyo uliza: mama alimwambia muuzaji lini? Ujumbe wa simu uliotumwa baada ya kusaini haumsaidii. Angeandika kwenye oda, “tanuri ni la zabuni ya shule inayoanza tarehe 1 Machi,” ningeidai bila woga. Hakuandika, basi milioni 2 zinaondolewa kwenye madai.

Hatua ya 3: angalia angefanya nini kupunguza hasara. Tuseme kuanzia siku ya 11 jirani alikuwa akikodisha tanuri la uwezo uleule kwa sh. 30,000 kwa siku. Siku 10 za kwanza zinabaki sh. 800,000. Siku 30 zilizofuata anastahili kodi tu, sh. 900,000. Jumla ni sh. 1,700,000, si 3,200,000. Hata kama hakukodi, hesabu ni hiyohiyo. Ila ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha kwamba tanuri la jirani lilikuwepo na lilifaa. Mama halazimiki kukopa kwa riba ya kumuumiza.

Hatua ya 4: orodhesha kila kiasi kwenye hati ya madai kama hasara mahususi, kisha ambatisha daftari la mauzo ya miezi iliyotangulia na risiti za unga. Mahakama hutaka hasara ya aina hii itajwe waziwazi na kuthibitishwa kikamilifu. Mama akisema kwa mdomo tu kwamba anauza mikate 200, hakimu hana cha kushika.