Fao la kifo kazini: jinsi ya kufuatilia bima ya maisha ya kundi kupitia mwajiri

Ninaandika haya baada ya kumsaidia mjane wa mfanyakazi mwenzetu katika shamba la chai Mufindi, aliyefariki kwa ugonjwa akiwa likizo nyumbani. Mimi nashughulikia masuala ya utumishi, na nilidhani kazi ingeisha ndani ya mwezi mmoja. Ilichukua miezi saba.

Hatua ya 1: Toa taarifa kwa maandishi

Peleka barua kwa mwajiri mapema na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkataba wa bima huweka muda wa kutoa taarifa ya kifo, na mkataba huo ni wa mwajiri na kampuni ya bima, familia haimo. Kwa hiyo madai huandikwa na mwajiri. Uliza pia kama mkataba una fungu la mazishi, kwa sababu hilo hulipwa kabla ya fao lenyewe.

Fao hili halitegemei kifo kutokea kazini, ingawa jina lake huwapotosha wengi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa pale tu kifo kinapotokana na kazi, lakini bima ya kundi kwa kawaida humfunika mfanyakazi saa 24, mradi bado yuko kwenye ajira.

Hatua ya 2: Kusanya nyaraka

Zinahitajika cheti cha kifo kutoka RITA, kitambulisho cha marehemu, salari slipu ya mwisho na vitambulisho vya wanufaika. Kibali cha mazishi hakitoshi badala ya cheti cha kifo.

Hatua ya 3: Itafute fomu ya kuteua wanufaika na uisome mwenyewe

Hapa ndipo tulipokwama. Kampuni ya bima huangalia jina lililoandikwa kwenye fomu ya bima iliyo kwenye faili la mfanyakazi. Haioni fomu aliyojaza NSSF, wala haifuati maelezo ya ukoo. Marehemu wetu alijaza fomu siku alipoajiriwa, kabla hajaoa, kwa kalamu ya bluu: jina la mama yake, na pembeni yake asilimia 100. Mama huyo alikuwa ametangulia kufariki. Mke na watoto wawili hawakuwa wameandikwa popote, na ofisi yetu haikuwahi kumkumbusha abadilishe.

Mteuliwa pekee akiwa amefariki, kampuni ya bima ilitaka barua ya usimamizi wa mirathi. Mjane aliniuliza, "Shemeji, kwani cheti cha ndoa hakitoshi?" Hakikutosha. Cheti cha ndoa kinathibitisha kuwa yeye ni mke. Hakimpi mamlaka ya kupokea mali ya marehemu.

Tulianza na kikao cha ukoo, ambacho muhtasari wake ulisainiwa na wahudhuriaji wote na kumpendekeza mjane kuwa msimamizi. Kisha maombi yakafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na baada ya muda wa tangazo kupita, mahakama ikatoa Fomu Na. IV inayomthibitisha msimamizi. Njia hiyo pekee ilikula miezi mitano, na bila pingamizi lolote. Msimamizi naye anapaswa kurudi mahakamani na orodha ya mali ndani ya miezi 4, kwa kuwa fedha hizo anazigawa kwa warithi, hazimiliki.

Kwa aliye hai, ushauri wangu ni mmoja: jaza fomu upya kila unapooa, kupata mtoto au kufiwa na uliyemwandika. Andika zaidi ya jina moja, kila jina na asilimia yake, na uonyeshe mlezi wa mtoto aliye chini ya miaka 18. Mimi sikubali tena fomu yenye jina moja tu.

Hatua ya 4: Hakiki hesabu

Mkataba wetu ulilipa mishahara ya msingi ya miezi 36. Mshahara wa marehemu ulikuwa shilingi 950,000, lakini orodha iliyokuwa kwa kampuni ya bima bado ilionyesha 800,000 ya kabla hajapandishwa cheo. Tofauti ilikuwa kati ya shilingi 28,800,000 na 34,200,000, yaani 5,400,000. Barua ya kupandishwa cheo na salari slipu tatu ndizo zilizorekebisha jambo hilo, kwa sababu mkataba ulitaja mshahara wa siku ya kifo. Kama mkataba wenu unataja mshahara wa siku ya kuhuisha bima, nyongeza ya katikati ya mwaka haihesabiwi.

Hatua ya 5: Fuatilia malipo

Mara nyingi fedha huingia kwanza akaunti ya mwajiri, ndiye mwenye bima, kisha yeye humlipa mnufaika. Omba barua yenye tarehe zote mbili ili ujue fedha zimekaa wapi. Kwetu, nyaraka zilipokamilika, malipo yalifika ndani ya wiki tatu. Kabla ya kusaini hati ya kukubali malipo, linganisha kiasi na hesabu yako, kwa sababu hati hiyo hutamka kwamba huna dai lingine. Kama kiasi kinapingwa, andikia kampuni ya bima kwanza, na ukikosa jibu la kuridhisha, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na nakala ya barua ile ya kwanza yenye muhuri.