Dirisha dogo likifunguka, fokasi iende nalo

Mnaotengeneza kurasa za tiketi za basi, tuseme Dodoma hadi Singida: abiria asiyeona akibonyeza "Chagua kiti", dirisha dogo hufunguka huku fokasi imebaki nyuma. Kisomaskrini kimya. Akibonyeza Tab anasomewa viungo vya ukurasa wa nyuma, na kwake kitufe ni kibovu tu. Jengeni dirisha kwa `<dialog>`, mlifungue hivi:

```
dirisha.showModal()
```

Fokasi huingia ndani, vya nyuma havifikiki, Esc hufunga, kisha fokasi hurudi kwenye kitufe kilekile. `show()` haizuii vya nyuma. `<div>` tupu ndiyo haifanyi lolote. Angalizo: msikifute kitufe hicho dirisha likiwa wazi, fokasi itakosa pa kurudi.