Ukialikwa redioni kuutangaza mkate wa viazi lishe: mambo ya kuzingatia kabla

Mtayarishaji wa kipindi akikupigia simu, usikimbilie kuuliza uje saa ngapi. Uliza kwanza kama hayo ni mahojiano au ni tangazo. Tangazo unalilipia, na humo utataja bei na maduka kadiri mlivyokubaliana. Mahojiano ni uwanja wa mtangazaji: ataanzia anapotaka, atakukatiza, na ukirudia bei mara nne atakuhamishia swali jingine. Uliza pia kama mtakuwa hewani moja kwa moja au mtarekodi, na kama wasikilizaji watapiga simu. Ukiambiwa una dakika 15 kwenye kipindi cha asubuhi, toa muziki, matangazo na salamu, kisha jipange kwa nane.

Tuchukue bekari ndogo ya Morogoro yenye mkate mpya uliochanganywa na viazi lishe, ili tuone maneno yenyewe.

Jambo la kwanza la kuandaa ni sentensi moja inayoueleza mkate kwa mtu asiyeuona. Ukisema "mkate wa viazi vitamu", msikilizaji wa Morogoro anafikiria viazi vya Gairo vinavyopangwa kando ya barabara ya Dodoma. Sema hivi: "Ni mkate wa ngano tuliouchanganya na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, ukiukata una rangi ya dhahabu, ni laini, na una utamu kidogo." Neno "ngano" lisikosekane. Ukiliacha, mwenye mzio wa ngano ataamini amepata mkate wake, na hilo litakurudia vibaya. Sentensi hiyo uiseme mwanzoni, halafu uirudie baada ya kila mapumziko, kwa sababu anayewasha redio saa mbili na robo hakukusikia saa mbili kamili.

Rangi hiyo hiyo italeta swali la simu: "Mmetia rangi?" Usikasirike, ni swali la haki. Jibu kwamba rangi inatoka kwenye kiazi chenyewe, kwenye beta-karotini, na kwamba mwili huibadili beta-karotini kuwa vitamini A. Ukipata nafasi, ongeza kwamba mwili huipokea vizuri zaidi ikiliwa na mafuta kidogo, kwa hiyo mkate huo upakwe siagi au uliwe na parachichi. Msikilizaji huondoka na jambo la kufanya mezani kwake, na wewe hukujisifu hata kidogo. Ila usitaje kiasi cha vitamini kilichomo. Moto wa tanuri hupunguza sehemu ya beta-karotini, na ni mkate uliopimwa maabara peke yake ndio wenye haki ya kutajiwa namba.

Hapo ndipo linapofuata swali linaloharibu mahojiano mengi ya vyakula: "Je, unafaa kwa wenye kisukari?" Mtangazaji atalipenda, maana simu zitamiminika. Nawe utatamani kusema ndiyo. Jizuie. Mkate huu una ngano, una wanga wa viazi, na pengine umeutia sukari. Vyote vinapandisha sukari mwilini. Andaa jibu hili na ulizoee mpaka litoke lenyewe: "Huu ni chakula, si dawa. Mwenye kisukari auhesabu kama mkate mwingine wowote, na afuate alichoelekezwa hospitali." Kisha nyamaza. Wengi hujibu vizuri, halafu wanaharibu kwa kuongeza "ila kuna mteja wetu mmoja alipona". Akisema hivyo mteja wako dukani ni maneno yake, lakini ukiyasema wewe hewani yamekuwa madai ya bidhaa, na mamlaka nazo husikiliza redio.

Kuhusu mamlaka, hakikisha usajili wa chakula na wa jengo upo TBS kabla ya kukubali mwaliko. Tangu 2019 kazi hiyo ya vyakula ilihama kutoka iliyokuwa TFDA, kwa hiyo ukitaja TFDA hewani utaonekana umepitwa na wakati. Kama maombi bado hayajakamilika, usiseme "tumeshathibitishwa". Mwombe mtayarishaji asogeze tarehe.

Swali la bei nalo linahitaji maandalizi ya kweli, maana lina mtego. Tuseme mkate wa kawaida wa ukubwa huo unauzwa shilingi 1,500 na wako 2,000. Mpigaji simu atasema: "Viazi ni rahisi kuliko ngano, mbona mkate wenu ni ghali?" Kujibu "ni kwa sababu ya ubora" ni kumpa nafasi ya kucheka. Mpe hesabu ya jikoni. Viazi vilivyochemshwa na kupondwa, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo kilo moja ya viazi vilivyopondwa inaingiza kwenye kinyunya takriban robo kilo tu ya kitu kikavu. Kinachobaki ni maji, ambayo mwokaji anayapunguza kwenye maji ya kukandia. Ngano inayookolewa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, wakati kuosha, kuchemsha, kumenya na kuponda ni kazi na nishati ambazo mkate wa kawaida hauna. Yaseme haya kwa sentensi mbili tatu za kawaida, kama unavyomweleza jirani. Usiutaje mkate wa bekari nyingine, hata mtangazaji akikuchokoza.

Sasa rudi bekari kabla ya kwenda studio. Kama tanuri lako linatoa mikate 120 kwa siku na yote ina wateja wake, mahojiano yatakutengenezea watu wanaorudi mikono mitupu, na wengi hawarudi tena. Weka akiba ya viazi vilivyopondwa kwenye friza, oka zaidi usiku wa kuamkia siku hiyo, na uache mikate ipoe kabisa kabla ya kuifunga. Mkate wa viazi hushika unyevu, ukifungwa ungali moto huota ukungu upesi. Chagua maduka matatu, si kumi, uwapelekee mzigo asubuhi na kuwaambia wauzaji jina la mkate na bei. Nimeshuhudia mtu akifika dukani na jina alilolisikia redioni, muuzaji akamwambia hana habari, ilhali mikate ilikuwa nyuma yake.

Studioni nenda na mkate uliokwisha kukatwa. Mtangazaji akionja na kusema mwenyewe "ni laini", neno lake lina uzito kuliko lako. Wewe usile, makombo kooni na maikrofoni havipatani. Zima simu kabisa, maana hata mtetemo juu ya meza husikika. Sogea karibu na maikrofoni, ukae mahali pamoja, na usigonge meza unapochangamka.

Namba ya simu itaje mara moja, polepole, tarakimu mbili mbili, lakini usiitegemee. Aliye kwenye daladala haandiki. Taja mahali anapopajua, kama sokoni au stendi, na saa ambayo mkate unakuwepo. Waliokosa kusikia vizuri hupiga simu kituoni, si kwako. Kwa hiyo andika kwenye karatasi jina la mkate, bei, maduka matatu na namba yako, utoe nakala mbili: moja ya mtangazaji, nyingine uiache kwa dada wa mapokezi pamoja na mkate wake.