Mambo ya kuzingatia kabla ya kufanya mazoezi ya nguvu saa ya chakula katika ofisi isiyo na bafu

Wafanyakazi wengi hapa Dodoma wana saa moja ya mapumziko ya mchana, na anayeigawa vizuri hupata nusu saa ya mazoezi na nusu saa ya kula. Nusu saa hiyo inatosha kabisa kujenga nguvu, mradi mtu akubali tangu mwanzo kwamba dakika za kunyanyua na kusukuma hazizidi 15. Zilizobaki ni za kubadili nguo, kupasha viungo na kupoa, na asiyezitenga atarudi mezani akiwa amelowa.

Mambo madogo kwanza. Omba ruhusa ya kutumia chumba, hata kama ni stoo yenye dirisha. Vua kitambulisho cha shingoni, saa na mkanda. Vaa raba, fulana nyepesi na suruali isiyobana. Usitumie kiti cha magurudumu kwa zoezi lolote. Sukuma meza hadi igote ukutani kabla ya kuiegemea, kisha ijaribu kwa uzito wako kidogo kidogo. Jaza chupa yako ya maji asubuhi, kwa kuwa bomba la chooni linaweza kukauka saa ileile unapolihitaji. Kula baada ya mazoezi, si kabla, kwa sababu kuchuchumaa ukiwa na ugali tumboni huleta kichefuchefu na kiungulia. Chai na kiazi cha saa nne vitakufikisha saa saba bila shida.

Mazoezi yenyewe yawe matatu tu. La kwanza ni kuchuchumaa hadi makalio yaguse kiti imara cha miguu minne, kisha kusimama bila kujisukuma kwa mikono. La pili ni pushapu za kuegemea ukingo wa meza, mwili ukiwa umenyooka kuanzia kisigino hadi shingoni. La tatu ni kuvuta: weka mkono mmoja juu ya meza, inamisha kiwiliwili mgongo ukiwa umenyooka, na kwa mkono mwingine vuta begi lenye chupa nne za maji za lita moja na nusu, yaani kilo sita, hadi karibu na mbavu. Yote matatu hufanywa bila kulala sakafuni, na kwa vumbi la mji huu hilo ni jambo la maana kwa mtu atakayerudi kuvaa shati jeupe.

Anza na kuchuchumaa, wala usibadili mpangilio huo. Misuli ya mapaja na makalio ni mikubwa kuliko ya mikono, hivyo ndiyo inayozalisha joto jingi zaidi, na ukiitanguliza mwili unapata muda mrefu wa kulitoa joto hilo kabla hujavaa. Fanya marudio manane hadi kumi, ukishuka taratibu kwa sekunde mbili au tatu, kisha pumzika dakika nzima. Hiyo ni seti moja. Seti tatu kwa kila zoezi, ukimaliza zoezi moja kabla ya kuingia jingine, zitachukua takriban dakika 15. Usiunganishe mazoezi bila kupumzika kwa nia ya kuokoa muda, kwa kuwa mapigo ya moyo yatapanda, joto litarundikana, na utakuwa umegeuza mazoezi ya nguvu kuwa mbio.

Kipimo cha wastani ni hiki: kila seti ikome wakati bado ungeweza kuongeza marudio matatu bila mwili kupinda, na mara tu unapoiacha uweze kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukiona matone kwenye paji la uso kabla ya seti ya tatu ya kuchuchumaa, ongeza mapumziko hadi dakika moja na nusu, au acha seti hiyo. Marudio yakifika 12 kwa wepesi, tafuta kiti kifupi zaidi au ongeza chupa katika begi, usiongeze kasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hulipuuza hadi liwaumbue. Mwenzetu mmoja wa uhasibu alizoea kufanya mazoezi haya katika korido ya nyuma yenye upepo, na siku moja ya Oktoba, joto likiwa limekolea, aliendelea hadi saa 7:27 kwa sababu alikuwa na kikao saa 7:30. Alijipapasa, akajiona mkavu, akavaa shati la buluu na tai, akaingia katika chumba kidogo kilichofungwa madirisha ili mapazia yasipeperuke mbele ya projekta. Kabla hajafika katikati ya taarifa yake, kwapa na mgongo vilikuwa vimechora mabaka meusi, na jasho lilikuwa likidondokea makaratasi aliyokuwa akiyasoma. Wakubwa walimuuliza kama ana homa.

Hakuwa na homa. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu, na upepo wake hunyakua jasho mara linapotoka, kwa hiyo ngozi huonekana kavu ilhali mwili bado unatoa jasho. Joto lililozalishwa na misuli haliishi pale mtu anapoacha zoezi. Mwili huendelea kulitoa kwa dakika kadhaa, mara nyingi kumi au zaidi. Ukilifunika kwa shati na tai, ndani ya chumba kisicho na upepo, jasho halina pa kwenda isipokuwa kwenye kitambaa.

Tangu siku hiyo anakoma saa 7:20 bila kujali amebakiza nini. Dakika tano hutembea polepole penye upepo huku akinywa maji yasiyo ya moto, na taulo dogo lililoloweshwa likiwa shingoni, kisha hulipitisha mikononi, kwapani na mgongoni. Halafu hujikausha kwa taulo la pili na kujipima: hulikandamiza taulo kavu mgongoni, husubiri dakika mbili akiwa kifua wazi, hulikandamiza tena upande mwingine. Likitoka na unyevu, havai. Likitoka kavu, huvaa singlendi safi, kisha shati, na tai huiacha hadi mlangoni mwa kikao. Manukato hayachukui nafasi ya kujifuta, kwani juu ya jasho harufu huongezeka.

Chakula nacho kina mtego wake: supu ya moto, pilipili na chai mara baada ya mazoezi huamsha jasho upya. Siku hizo chagua wali uliopoa kidogo na maji. Fulana iliyolowa iweke katika kopo lenye mfuniko, si kwenye droo ya meza, na uifue jioni hiyohiyo.

Siku mbili kwa wiki zinatosha, na Jumanne na Alhamisi zinafaa zaidi, kwa kuwa Ijumaa wengi huwa kwenye swala saa hizo. Siku yenye kikao saa saba na nusu, ahirisha. Usibane pumzi unaposimama au kuvuta, kwa sababu kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu ghafla. Toa pumzi unapotumia nguvu. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au ujauzito amwone daktari kabla ya kuanza. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au ganzi ya mkono yakitokea, acha papo hapo, keti, na mwite mtu aliye karibu, hata kama seti imebaki moja.